Wageni wanafika baada ya saa moja: mwongozo kamili wa vitafunio vya chai ya saa kumi

Simu inaingia saa tisa na nusu alasiri. Ndugu wako njiani, watapita kusalimia wakishaswali, na kwa hesabu ya njia watakuwa mlangoni saa kumi na nusu. Wako wanane. Nyumbani kuna unga, viazi, mayai na sukari, jiko la gesi la plate mbili, na watu wawili wa kufanya kazi.

Hapo ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe ni lilelile kila mara. Mwenyeji anachagua vitafunio kwa kuangalia anachopenda kupika au anachojulikana nacho, kisha anagundua katikati ya kazi kwamba vitu vitatu vyote vinataka karai, na chai nayo inataka moto. Wageni wanakaa sebuleni nusu saa huku jikoni kuna moshi, halafu kinatoka kitu kimoja kimoja, kingine kimepoa, kingine kibichi ndani.

Ndani ya saa moja chakula hakikosekani. Kinachokosekana ni nafasi jikoni na mikono. Kwa hiyo vitafunio vinachaguliwa kwa kuangalia kila kimoja kitakaa motoni dakika ngapi, na kama kinaweza kuachwa peke yake au kinataka kusimamiwa. Mwongozo huu unafuata nyumba hiyohiyo na wageni haohao wanane kuanzia simu mpaka sinia.

## Mahitaji

Kikombe kinachotajwa hapa ni cha kupimia cha mililita 250. Kikombe cha kunywea chai huwa kidogo zaidi, usivichanganye.

Bajia za viazi
- Viazi 6 vya wastani, kama gramu 800
- Unga wa dengu kikombe 1 na nusu
- Unga wa mchele vijiko 2 vya chakula
- Kotimiri fungu 1 dogo, pilipili mbichi 1, kitunguu thomu punje 3
- Bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai
- Mafuta ya kukaangia lita 1

Tambi za sukari
- Tambi nyembamba gramu 250
- Samli vijiko 3 vya chakula
- Tui la nazi kikombe 1, maji ya moto nusu kikombe, na mengine kidogo ya akiba
- Sukari nusu kikombe, hiliki 5 zilizopondwa, zabibu kavu kiganja kimoja

Chai ya maziwa
- Maji lita 1 na robo, maziwa lita 1
- Majani ya chai vijiko 4 vya chai vilivyojaa
- Tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba, hiliki 8, mdalasini kijiti 1
- Sukari kwenye bakuli lake, pembeni

Vya pembeni
- Mayai 4, karanga za kukaanga robo kilo, bisikuti paketi 2
- Nazi nusu, ndimu 2 na pilipili 1 kwa chatne

Vyombo
Karai lenye kina, sufuria ya lita 4, sufuria pana yenye mfuniko, chujio, upawa wenye matundu, chupa ya chai ya lita 2 au mbili za lita moja, na sinia kubwa.

## Hatua ya 1: Piga simu ya pili, lakini si kwa mkubwa wao

Dakika tano za mwanzo si za kumenya viazi. Kuna mambo manne ya kujua, na mtu wa kumuuliza ni kijana aliye ndani ya gari, si mzee aliyepiga simu. Ukimuuliza mzee atakujibu, "Msijisumbue, tunapita tu," na utabaki pale pale ulipokuwa. Kijana atakwambia ukweli.

Muulize wako wangapi na watoto ni wangapi. Muulize kama yupo mwenye kisukari au presha. Muulize kama yupo aliyefunga: Jumatatu na Alhamisi wapo wenye kufunga sunna, na katika mwezi wa Shawali wapo wanaofunga sita. Mwisho muulize wamefika wapi sasa hivi, kwa jina la mahali. "Tunakaribia" haikusaidii kupanga jiko.

Katika mfano wetu jibu ni hili: watu wazima sita, watoto wawili, hakuna aliyefunga. Shangazi ana kisukari. Babu meno yake hayatafuni tena vitu vigumu. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoamua sinia litakuwaje, kuliko hata idadi.

Kama yupo aliyefunga, usimwekee sahani mbele yake kwa kusahau. Mtengee fungu lake mapema, uliweke kwenye chombo chenye mfuniko, aondoke nalo la kufuturia.

## Hatua ya 2: Chagua vitu vitatu kwa hesabu ya moto

Kanuni ni kitu kimoja cha chumvi kinachotoka karaini, kitu kimoja cha sukari kinachoiva chenyewe chini ya mfuniko, na kitu kikavu ambacho hakigusi moto kabisa. Karai liingize kitu kimoja tu. Ukiweka viwili, cha kwanza kitapoa wakati unakaanga cha pili, na aliyesimama karaini hatapata nafasi ya kutoka kusalimia.

Kwanza ondoa yale yasiyowezekana, hata kama ndiyo unayosifiwa.

Mahamri na kaimati vinataka hamira, na hamira haiharakishwi. Ukikata donge kabla halijaumuka unapata mahamri mazito yasiyofura, yenye ladha ya unga mbichi katikati. Kuongeza hamira ili iende haraka kunaleta harufu ya uchachu, unga haufuri vizuri zaidi.

Vitumbua vinataka mchele uliolowekwa, kwa kawaida usiku kucha. Hapo hakuna njia ya mkato.

Sambusa za kuanzia mwanzo nazo ziache. Nyama lazima ikaushwe maji yote na ipoe kabla ya kufungwa, maana ikifungwa ya moto manda hulowa na sambusa hupasukia karaini. Kama unazo zilizofungwa tayari kwenye friza, hilo ni jambo jingine: hizo ndizo ziwe kitu chako cha karaini badala ya bajia. Usiziyeyushe. Zitie zikiwa zimeganda, moto wa wastani, chache chache.

Katlesi watu huziona rahisi, lakini viazi vichemke, vipondwe, vipoe, vifinyangwe, vichovywe yai, ndipo vikaangwe. Hiyo ni saa moja na zaidi kwa mtu mwenye mkono mwepesi.

Mkate wa mayai unawezekana kama una ovena na mashine ya kupigia mayai, lakini ukitoka wa moto haukatiki vizuri, unabomoka. Uchague kama una saa moja na nusu.

Baada ya kuondoa hayo, bajia za viazi ndizo zinazobaki juu. Kiazi hakichemshwi kwanza, unga wa dengu hauumuki wala haulowekwi, na kila mkupuo ni dakika tano hadi sita. Upande wa sukari, tambi zinashinda kwa sababu zikishatiwa maji hazitaki kusimamiwa, zinalika za moto au za vuguvugu, na ni laini kwa babu. Upande mkavu ni karanga kwa wakubwa na bisikuti kwa watoto.

Shangazi ndiye anayebadilisha sinia. Tambi ni sukari, bisikuti ni sukari, na kiazi ni wanga hata kikivikwa unga wa dengu. Kwake weka mayai ya kuchemsha na karanga, na bajia chache kama atapenda. Mayai hayo si yake peke yake, babu naye atayala, na hivyo hakuna atakayeona kwamba shangazi amepikiwa chakula cha mgonjwa. Hilo ni muhimu kuliko mapishi yenyewe: mtu mzima hapendi kutangaziwa ugonjwa wake mbele ya watoto.

Tui la tambi nalo litoke kwenye nazi hiyohiyo ya chatne ukiweza, au kwenye pakiti. Kukuna nazi mbili saa hiyo ni kujitafutia kazi.

## Hatua ya 3: Tuma dukani mara moja tu

Saa tisa na dakika 35 mtu mmoja anatoka kwenda dukani. Mpe orodha iliyoandikwa, si ya kukariri, maana akirudi bila unga wa dengu safari ya pili inakula dakika 15 ambazo huna. Juu ya orodha andika vile ambavyo bila hivyo hakuna chai: maziwa, unga wa dengu, majani ya chai. Bisikuti ziwe mwisho.

Wengi hufikiria kununua mandazi au vitumbua vya tayari. Saa kumi alasiri vingi vya namna hiyo ni mabaki ya asubuhi, vimekauka. Minya kimoja kabla ya kulipa: kikibaki na alama ya kidole bila kurudi, ni cha asubuhi. Kama karibu yenu yupo mama anayeanza kukaanga bajia au kachori jioni, zile za mkupuo wa kwanza ni nzuri kabisa na hakuna aibu kuzinunua. Zichukue kwenye karatasi, zisifungwe kwenye mfuko wa plastiki, maana mvuke ukikosa pa kutokea unazilowesha njiani.

Wakati huohuo, plate ya kwanza weka mayai manne kwenye maji ya kuyafunika. Yakianza kuchemka hesabu dakika 9, mwaga maji, tia ya baridi. Menya baadaye, yakipoa maganda hutoka yenyewe.

## Hatua ya 4: Kata viazi na usitie chumvi

Menya viazi na uvikate kwa upana, unene wa milimita 3 hadi 4, yaani kama sarafu mbili zilizopandana. Kiazi kimoja cha wastani kinatoa vipande 13 au 14, kwa hiyo sita vinakupa kama 80, takriban kumi kwa kila mgeni. Inatosha, maana kuna vitu vingine.

Unene ndio unaoamua kila kitu baadaye. Kipande cha milimita 7 kitakuwa na ganda la rangi nzuri na kiazi kibichi ndani, na hutajua mpaka mgeni aume. Kipande chembamba kupita kiasi hugeuka krispi na unga unabanduka.

Vitie kwenye maji baridi ili visigeuke rangi. Na hapa ndipo bajia nyingi huharibikia: usitie chumvi wala unga bado. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye kiazi. Ukivichanganya saa tisa na dakika 50, ikifika saa kumi na robo chini ya bakuli kuna uji mwembamba wa njano na viazi viko uchi. Watu hujaribu kuuokoa kwa kuongeza unga, chumvi inapungua ladha, wanaongeza chumvi, maji yanatoka tena.

Kilichobaki kati ya sasa na kukaanga ni kuandaa viungo vikavu kwenye bakuli lao: unga wa dengu, unga wa mchele, bizari, na pembeni kitunguu thomu, pilipili na kotimiri vilivyokatwakatwa. Unga wa mchele ndio unaofanya bajia ziendelee kukwaruza mdomoni hata zikikaa dakika kumi.

Chatne ifanyike hapahapa: nazi iliyokunwa, pilipili, punje moja ya kitunguu thomu, maji ya ndimu na chumvi, vyote kwenye blenda na maji vijiko vitatu. Umeme ukikatika tumia kinu, au kata ndimu vipande uweke na pilipili ya kusaga. Chatne ya ukwaju ni nzuri zaidi kwa bajia, lakini kuloweka na kukamua ukwaju ni muda usio nao.

## Hatua ya 5: Tambi kwanza, kwa sababu zinaweza kusubiri

Saa kumi kasoro robo weka sufuria pana kwenye plate ya pili. Yeyusha samli, tia hiliki, kisha tambi ulizozivunja urefu wa kidole. Koroga bila kuacha kwa moto wa wastani, dakika nne hadi tano, mpaka zifike rangi ya dhahabu. Baadhi ya pakiti huuzwa zikiwa zimekwisha kukaangwa, unaziona ni za kahawia tangu dukani. Hizo zipe dakika moja tu.

Simama hapo. Tambi huwa nyeupe kwa dakika tatu nzima, kisha hugeuka kahawia na kuungua ndani ya nusu dakika. Zikiungua uchungu hauondoki kwa sukari, tupa uanze upya.

Ondoa sufuria motoni, mimina tui na nusu kikombe cha maji ya moto. Itaruka na kupiga kelele, weka uso mbali. Rudisha motoni, punguza moto mpaka chini kabisa, funika. Hesabu dakika sita.

Sukari inaingia baada ya hapo, tambi zikishalainika, pamoja na zabibu. Ukiitia mwanzoni inagombea maji na tambi, nazo zinabaki ngumu katikati huku nje zinanata. Geuza kwa uma, si kwa mwiko, funika tena dakika nne, zima.

Zilizofaulu ziko hivi: ukiinua kwa uma, nyuzi zinaachana na kuanguka moja moja, zinang'aa kwa samli, na chini ya sufuria hakuna maji. Ukiuma moja haikatiki kwa mlio. Zikiwa bado ngumu, nyunyiza vijiko vitatu vya maji ya moto, funika dakika tatu. Zikiwa zimelowa, usiendelee kukoroga, maana kila ukikoroga unazivunja na zinageuka uji. Zimwage kwenye sinia, zitandaze, mvuke utatoka na zitajitenga kiasi.

Saa kumi na dakika tano tambi zimekwisha. Zifunike kwa kitambaa kisafi chini ya mfuniko kinyonye jasho, na plate yake sasa ni huru kwa karai.

## Hatua ya 6: Chai ya wanane, na tangawizi isiyokata maziwa

Hesabu ya kiasi: mtu mzima vikombe viwili, mtoto kimoja. Watu wazima sita ni vikombe 12, watoto 2, jumla 14. Kikombe cha kunywea kikiwa mililita 150, unataka lita 2 na mililita 100. Ndiyo maana maji ni lita 1 na robo na maziwa lita 1, kidogo kikipotea kwa mvuke na kwenye majani.

Saa kumi kamili, plate iliyokuwa na mayai inachukua sufuria ya lita 4. Tia maji, tangawizi iliyopondwa, hiliki zilizopasuliwa na mdalasini. Yachemke kwa nguvu dakika tano kabla ya maziwa kuingia. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kuchemka ndiko kunakokiua. Anayetia tangawizi pamoja na maziwa ya vuguvugu ndiye anayeona mabonge meupe yakielea na kulaumu muuza maziwa.

Kisha majani ya chai, dakika mbili. Kisha maziwa. Punguza moto na usiondoke, maziwa hufurika mara tu unapogeuza shingo, ndiyo sababu ya sufuria ya lita 4 kwa chai ya lita mbili. Yakipanda mara ya pili, zima.

Kama una maziwa ya unga tu, kikombe kimoja kamili kinatosha lita moja. Yakoroge kwanza kwenye maji ya vuguvugu, ukiyatupia kwenye maji yanayochemka yanajifunga mabonge.

Chuja mara moja. Suuza chupa ya chai kwa maji ya moto kabla ya kumimina, maana chupa baridi inaipoza chai ndani ya dakika za kwanza. Usimimine na majani ndani kwa kufikiri itazidi kukolea, baada ya nusu saa itakuwa chungu na nyeusi, na kikombe cha pili hakitanyweka.

Sukari usiitie. Shangazi anakunywa bila, babu anataka vijiko vitatu, na kila mtu atajihudumia. Chai nzuri ina rangi ya mchanga wa pwani uliolowa, na harufu ya hiliki inaitangulia ya maziwa.

## Hatua ya 7: Bajia, mkupuo kwa mkupuo

Saa kumi na dakika nane weka mafuta motoni, moto wa wastani kwenda juu. Huku yanapata moto, mwaga maji ya viazi na uvipanguse kwa taulo. Viazi vilivyolowa vinarusha mafuta, na maji hayo yataupunguza unga.

Chukua nusu ya viazi tu. Tia nusu ya kitunguu thomu, pilipili, kotimiri na nusu ya chumvi. Nyunyizia nusu ya unga mkavu juu yake, kisha vijiko viwili vya maji, ugeuze kwa vidole. Unga unatakiwa kushika kila kipande kama tope zito, pande zote mbili. Ukiinua kipande na unga ukachirizika, umezidisha maji: ongeza kijiko cha unga wa dengu. Ukiona unga mkavu wa njano, nyunyiza matone machache. Nusu ya pili ichanganye nusu ya kwanza ikishaingia karaini.

Jaribu mafuta kwa tone la unga. Likizama na kukaa chini, mafuta bado. Likipanda mara moja na mapovu kuzunguka, tayari. Likigeuka kahawia kabla hujahesabu kumi, punguza moto usubiri kidogo.

Tia vipande 20, kimoja kimoja, kwa kuvilaza kutoka ukingoni. Usivimwage fungu zima, vitashikana, na mafuta yatapoa ghafla. Mafuta yaliyopoa hayakaangi, yanaingia ndani ya unga, na hizo ndizo bajia zinazoacha duara la mafuta kwenye sahani. Acha dakika moja bila kugusa ili ganda lishike, kisha geuza.

Sikiliza. Mwanzo karai linanguruma kwa sababu maji ya kiazi yanatoka. Kadiri kiazi kinavyoiva kelele inapungua na mapovu yanakuwa machache. Kelele ikishuka na rangi ikawa ya dhahabu iliyokolea, ni dakika tano hivi, toa moja na uivunje katikati. Ndani iwe nyeupe na laini, isiyo na mstari wa maji. Ikivunjika kwa mlio wa nje na ulaini wa ndani, toa zote.

Zichuje kwenye chujio au waya, si kwenye sahani yenye karatasi ukazirundika. Zikirundikana mvuke wa chini unalowesha za juu. Na kamwe usizifunike kwa mfuniko, hata kama kuna nzi. Tumia kawa, au kitambaa chepesi.

Mikupuo ni minne. Miwili ya kwanza ikaange kabla wageni hawajafika, itoke kama saa kumi na dakika 27. Miwili iliyobaki ikaange wakishakaa na kuanza chai. Hivyo wanapata kitu mara moja, na baada ya dakika kumi sahani ya pili inatoka ya moto kabisa. Kama simu inasema wamekwama kwenye foleni, nusu ya pili ya viazi iendelee kukaa ndani ya maji, bila unga, hata dakika 40 haina neno.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: karai la mafuta haliachwi motoni wakati wa kwenda kufungua mlango. Zima gesi, kapokee wageni, rudi uwashe. Mafuta yakishika moto usimwage maji, zima gesi na ufunike kwa mfuniko wa chuma.

## Hatua ya 8: Kupanga sinia na kukaribisha

Maji ya kunawa yatangulie, pamoja na taulo. Watoto wape maji ya kunywa au juisi kwanza, ili wasiulizie chai ya moto kila dakika.

Kwenye sinia, bajia zikae katikati na chatne kwenye bakuli lake, usizimiminie. Tambi ziwe kwenye sahani ya kina na vijiko vidogo. Mayai yakatwe nusu, yanyunyizwe chumvi na pilipili manga, yawekwe upande watakaokaa babu na shangazi bila kusema neno. Karanga ziwe mbali na mkono wa mtoto mdogo: aliye chini ya miaka mitano anaweza kupaliwa na karanga nzima, na bisikuti ndizo zake.

Anayemimina chai aanze kwa mkubwa. Amuulize kila mmoja "sukari ngapi?" badala ya kumuuliza shangazi peke yake kama anatumia.

Wageni wakija na kitu mkononi, mkate au matunda, kipokee kwa mikono miwili. Kama kinalika papo hapo, kikate kiingie kwenye sinia pamoja na vingine, nao wakionje.

## Kama kitu fulani hakipo

Gesi ikiisha na mna mkaa, uwashe kabla ya kitu kingine chochote, maana unataka kama robo saa kushika. Kwa jiko moja tu, mpangilio ni tambi, chai, kisha karai, wala usiubadilishe: tambi na chai vinahifadhika, bajia hazihifadhiki. Mayai yaingie kwenye maji ya chai kabla ya viungo, yakiwa yameoshwa vizuri, kisha maji hayo yabadilishwe.

Mafuta yakiwa machache, acha bajia. Fanya chapati za maji: unga wa ngano vikombe 2, mayai 2, maji vikombe 2 na nusu, chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogo na kotimiri. Zinapikwa kwenye kikaango kwa kijiko kimoja kimoja cha mafuta, dakika mbili kila upande, na zikikunjwa zinakaa vuguvugu kwenye kitambaa. Unga wake uache dakika kumi kabla ya kupika, mabonge yajilegeze, la sivyo chapati ya kwanza itachanika.

Wakizidi kuwa wengi kuliko walivyosema, na mara nyingi huzidi kwa wawili, usiongeze aina ya nne ya kitafunio. Ongeza maji kikombe kimoja na maziwa kikombe kimoja kwenye chai inayofuata, na chemsha mayai mengine mawili.

Bajia zikibaki, usizipashe kwenye maikrowevu, zinakuwa kama mpira. Zirudishe karaini dakika moja kwa mafuta ya moto, au uziweke kwenye kikaango kikavu. Tambi zinazobaki zifungashie wenye safari ndefu, na ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga mfuniko.